Kifungo kilichokosa tundu: tukio dogo la nyumbani linavyogeuka kitabu cha picha

*“Nina daftari limejaa mambo ya mwanangu wa miaka minne: alivyokataa kuoga, alivyovaa mwenyewe, alivyoogopa kivuli chake. Nataka kuandika kitabu cha picha kwa Kiswahili, kwa watoto wa umri wake. Lakini kila nikianza, tukio linaonekana dogo mno, halafu nikilikuza linageuka mahubiri. Nitajuaje lipi ni wazo la kitabu, na lugha ya mtoto mwenyewe niiandikeje?”*

Dada, ukubwa wa tukio usikusumbue. Kwa mtoto wa miaka minne kuvaa shati ni safari ndefu yenye vikwazo, na kitabu kizima kinaweza kukaa ndani ya dakika tano za asubuhi. Kinachokosekana katika rasimu za namna hii, na nimesoma nyingi katika kazi yangu ya uhariri, ni imani ya mtoto. Mwandishi ameandika mtoto alifanya nini, hakuandika mtoto alidhani nini. Na pale mtoto anapoacha kudhani, mtu mzima hujaza nafasi kwa kufundisha. Mahubiri huanzia hapo.

Rudi kwenye daftari ukiwa na swali moja: katika tukio hili, mwanangu aliamini jambo gani ambalo mimi siliamini, na kwa macho yake lilikuwa na mantiki? Mtoto anayekataa kuoga “kwa ukaidi” hana kitabu bado. Mtoto anayekataa kuoga kwa sababu ameona maji yakizama kwenye tundu la beseni, akahesabu kwamba na yeye atazama, tayari ana kitabu. Mtoto anayefumba macho na kusema “hunioni” ana kitabu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza tangu miaka ya 1920 jinsi watoto wadogo wanavyovipa vitu uhai na nia: jua linawafuata, meza imewapiga makusudi. Watu wazima huwa tunacheka kisha tunasahihisha. Mwandishi wa vitabu vya picha afanye kinyume chake: aishike imani hiyo kama ilivyo na aifuate mpaka mwisho wake.

Kwa hiyo badilisha kidogo namna unavyoandika daftari lako. Usiandike “leo alivaa mwenyewe, alinichekesha sana.” Andika maneno aliyoyatamka kwa mpangilio wake, andika mikono yake ilifanya nini, na andika nini kilitokea muda mfupi kabla. Jambo likimchekesha mtu mzima peke yake, na mtoto mwenyewe angesikia anachekwa, liweke pembeni. Msomaji wako ana umri uleule na atajua kwamba anayechekwa ni yeye.

Nichukue hilo la kuvaa, kwa kuwa umelitaja, nilifanye hatua kwa hatua. Mhusika nampa jina la Bahati. Ni jina la mvulana na la msichana pia, na kwa kuwa Kiswahili chetu kinasema “anavaa” bila kutaja jinsia, maneno hayatamfungia nje mtoto yeyote. Shati lina vifungo vitano na matundu matano. Bahati anaanzia juu, na kifungo cha kwanza anakitia kwenye tundu la pili. Vingine vinafuata, kila kimoja kimeshuka hatua moja, na mwishoni kifungo cha tano kinabaki kinaning’inia bila tundu.

Mtu mzima anaona kosa. Bahati anaona jambo jingine kabisa: kifungo hiki hakina nyumba. Vingine vyote vimeingia ndani, chenyewe kimeachwa nje. Kwa hiyo tundu lake limepotea, na kitu kikipotea kinatafutwa.

Sasa angalia lile tundu tupu liko wapi. Liko juu kabisa, chini ya kidevu, mahali ambapo macho ya Bahati hayafiki. Msomaji wetu analiona katika kila picha, Bahati halioni hata mara moja. Mtoto anayesomewa ataanza kunyoosha kidole na kupiga kelele, “Liko hapo! Shingoni!” Huhitaji kumtafutia msomaji kazi ya kufanya, tukio lenyewe limempa. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta ninapopima wazo: je, kuna kitu msomaji atakiona kabla ya mhusika, bila maneno kukitaja?

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za kiwandani huchapwa na kukunjwa kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukurasa wa kwanza unachukuliwa na jina la kitabu, wa pili na taarifa za uchapishaji. Hadithi inaweza kuanza ukurasa wa 3, kisha una jozi 14 za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 30 na 31, na ukurasa mmoja wa mwisho peke yake. Kama karatasi za ndani ya jalada zinahesabiwa humohumo ndani ya 32, jozi hupungua, mara nyingi hubaki 12 hivi, kwa hiyo muulize mchapishaji mapema. Sisi tutumie zile 14.

Ukurasa wa 3: “Leo Bahati anavaa mwenyewe.” Jozi ya kwanza, shati na mikono miwili inayotafuta njia. Ya pili, kifungo cha kwanza, na picha inaonyesha wazi kwamba kimeruka tundu moja. Ya tatu tunaongeza mwendo: vifungo vitatu kwa mpigo, kila kimoja na sauti yake. Ya nne, kifungo cha tano: “Ingia! Ingia!” Ukigeuza, jozi ya tano ina maneno machache tu: “Hakina nyumba.” Hapo tumefika kurasa za 12 na 13 na shida imeshatua. Rasimu nyingi zinazonifikia huwa bado zinamwamsha mtoto kitandani na kueleza hali ya hewa zikifika hapo. Shida ikichelewa kupita kurasa hizo, mtoto wa miaka mitatu ameshaanza kushuka mapajani.

Jozi ya sita, ya saba na ya nane ni za kutafuta. Chini ya kitanda, ndani ya kiatu, nyuma ya mlango. Kila mahali kuna tundu la aina fulani, na Bahati anajaribu kwa dhati: kifungo kinakaribishwa kwenye tundu la kamba ya kiatu na hakitoshi, kwenye tundu la ufunguo na hakifiki. Hapa ndipo mwandishi hulegea akaweka mahali popote patatu. Usifanye hivyo. Kila jaribio litoke katika imani ileile, na kila moja liwe gumu kuliko lililotangulia, la sivyo ungeweza kubadilishana kurasa na msomaji asitambue.

Jozi ya tisa, shingo inawasha. Bahati anajikuna, na kidole kinazama ndani ya tundu. Amelipata! Jozi ya kumi, anashika kifungo cha chini kabisa na kukipeleka kwenye tundu la juu kabisa: “Akakivuta, akakivuta, aka…” Geuza. Jozi ya kumi na moja: Bahati amejikunja, upindo wa shati umefika kidevuni, tumbo liko wazi, uso unang’aa kwa ushindi. “Kimeingia.” Fuata imani ya mtoto mpaka hapo. Mwandishi mwoga angemleta mama ukurasa mmoja kabla, asahihishe, na kitabu kingekufa mikononi mwake.

Jozi ya kumi na mbili, Bahati anajaribu kusimama wima. Fyatu! Kifungo kimeruka nje. Tuko kurasa za 26 na 27, na sasa unahitaji suluhisho ambalo ni la mtoto mwenyewe. Bahati alikuwa akikihurumia kifungo kilichoachwa. Kwa hiyo anafungua vyote, anakigeukia kile cha chini na kukiambia, “Sasa wewe tangulia.” Hiyo ni jozi ya kumi na tatu. Kile kilichoachwa kinaingia cha kwanza, kwenye tundu la chini linaloonekana vizuri, na katika jozi ya kumi na nne vingine vinapanda kimoja kimoja hadi shingoni. Wanaowafundisha watoto kuvaa hutumia njia hiyohiyo, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu pindo mbili za shati huonekana na ni rahisi kuzilinganisha. Mtoto atakayesomewa anaweza kuondoka na ujuzi huo kesho asubuhi, lakini hakuna aliyemfundisha. Huruma ya Bahati ndiyo iliyofika penye jibu. Ukurasa wa 32, “Bahati amevaa mwenyewe.” Vishawishi vya kuweka hapo mkono wa mtu mzima unaompigapiga begani ni vikubwa. Viache vipite.

Sasa maneno. Sheria niliyo mkali nayo kuliko zote ni kwamba maneno yabebe anachoamini Bahati, na picha ibebe ukweli. Ukiandika “Bahati alikosea, akatia kifungo kwenye tundu la pili,” umemnyang’anya msomaji ugunduzi wake, na mchoraji hana kazi tena. Maneno yaseme tu, “Kifungo cha kwanza. Ingia! Kikaingia.” Hakuna uongo hapo, kwa hesabu ya Bahati kimeingia kweli. Chukua rasimu yako, pitia kila sentensi, na ufute ile inayotaja kitu ambacho picha itakionyesha: rangi ya shati, sura ya mhusika, yuko chumba gani, amefurahi au amenuna.

Kuhusu lugha ya mtoto, kwanza niseme lugha hiyo si nini. Si kubananga maneno. Usimwandikie Bahati “tati” kwa sababu mwanao anatamka hivyo. Mtoto hajisikii anavyotamka. Wanasaikolojia wa lugha Jean Berko na Roger Brown walieleza mwaka 1960 kisa cha mtoto aliyetamka jina la samaki wake kwa kukosea, lakini mtu mzima alipomrudishia matamshi yaleyale alikataa, akitaka neno liwe kamili. Ukiandika “tati,” msomaji wako atasikia mtu anayemuiga, na mzazi anayesoma kwa sauti ataona aibu.

Lugha ya mtoto iko katika mpangilio wa mawazo. Linganisha sentensi hizi mbili. Moja: “Bahati, ambaye alikuwa amedhamiria kuvaa mwenyewe, aligundua kwamba kifungo kilichokuwa kimebaki hakikuwa na tundu.” Nyingine: “Kimoja kimebaki. Hakina nyumba.” Ya kwanza ina mtu mzima anayemtazama mtoto kwa mbali, na ina virejeshi vinavyomlazimu msikilizaji kushikilia mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake. Ya pili inakuja kwa jinsi jicho la mtoto linavyokuja: kitu, kisha jambo kuhusu kitu hicho. Sisemi kila sentensi iwe ya maneno mawili, maana ufupi mtupu nao huchosha sikio. Sentensi ndefu ya kitabu cha picha ijengwe kwa vitenzi vinavyofuatana, na kwa hilo Kiswahili kimetupa -ka-. “Akainama, akachungulia, akaingiza mkono, akatoa… soksi.” Hiyo ni ndefu, na mtoto wa miaka mitatu anaifuata bila shida, kwa sababu kila kitenzi ni hatua moja na kinaahidi kingine mbele. Ndiyo maana ukurasa unaokatikia kwenye “aka…” unavuta mkono ugeuze.

Kuna uamuzi mdogo wa kisarufi ambao kwangu ni mkubwa. Katika ngano zetu kitu kikipewa utu huchukua upatanisho wa mtu: kifungo analia, kifungo amechoka. Hapa nashauri ubaki na ki-: kimeachwa, hakina nyumba, kimeingia. Ukiandika “kifungo analia,” umehama kutoka asubuhi ya Bahati ukaingia ngano ya vifungo vinavyosema, na mchoraji ataanza kukichorea macho na mdomo. Bahati hadhani kifungo ni mtu. Anakihurumia kikiwa kifungo, na mtoto anaweza kuhurumia kitu vilevile kilivyo. Kama kitabu chako kingine ni cha kitu kinachosema na kutembea, basi tumia a- bila hofu. Ubaya ni kuchanganya ukurasa kwa ukurasa bila kujua umechagua nini.

Kisha tanakali za sauti. Watoto wanazipenda, na lugha yetu imejaliwa nazo: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kulowa chepechepe, giza totoro, kujaa pomoni. Zinamfikia mtoto kabla hajajua maana ya neno lililo mbele yake. Lakini zipe kazi. Katika kitabu hiki ningekuwa na sauti moja ya kifungo kuingia, na ningeiokota kwenye daftari lako, ile mwanao anayoitoa mwenyewe akifunga shati. Irudie kila kifungo kinapoingia, iwe kimya kabisa kwenye kile cha tano, kisha irudi mwishoni. “Fyatu” ibaki mara moja tu. Ukizinyunyiza kila ukurasa, zile mbili zenye uzito hazitasikika.

Maneno ya nyumbani kwenu yatumie. Kama kwenu ni kishikizo badala ya kifungo, andika kishikizo. Mhariri akitaka lingine kwa ajili ya wasomaji wengi atakuambia, hilo ni jambo la kujadiliana baadaye. Na kama mtoto na wewe mnazungumza lugha nyingine nyumbani, msimulie hadithi kwanza kwa lugha hiyo, kwa mdomo, ndipo uiandike kwa Kiswahili. Mwendo wa usimulizi utaubeba.

Watu huniuliza idadi ya maneno. Miongozo mingi ya waandishi hutaja kikomo cha maneno 500, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, ambako kile tunachokisema kwa neno moja, “akakivuta,” huchukua maneno kadhaa. Kwa Kiswahili na kwa umri huu mimi huona hadithi kama hii imeshiba kwenye maneno 150 hadi 250, na zaidi ya hapo huanza kutafuta cha kufuta. Saa ni kipimo bora kuliko hesabu: isome kwa sauti, bila haraka, ukigeuza kurasa. Ikipita dakika sita au saba, kuna jozi inayosimama mahali pamoja.

Ili uigundue jozi hiyo, tengeneza kitabu cha majaribio. Karatasi 8 zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine zinakupa kurasa 32. Andika maneno ya kila ukurasa kwa mkono, na mahali pa picha chora vijiti tu, au andika kwa mstari mmoja kitu kinachoonekana. Jozi mbili zinazofuatana zikiwa na mstari uleule, kwa mfano “Bahati amekaa anafikiri,” na tena “Bahati amekaa anafikiri,” moja haina picha, ni maneno matupu. Matukio mengi ya daftari huanguka hapa, na ni vizuri yaanguke mapema: yalikuwa mazungumzo ya kupendeza kati yako na mwanao, lakini hakuna kinachobadilika machoni. Yatunze kwa shairi au kwa barua.

Tukio likivuka hapo, mpe mtu mwingine kitabu hicho amsomee mtoto ambaye si wako, wewe ukae pembeni na kalamu. Usimweleze msomaji chochote. Akijikwaa kwenye neno mara moja, huenda ni yeye, lakini watu wawili wakijikwaa palepale, andika upya sentensi hiyo. Mtazame mtoto kuliko unavyosikiliza sifa. Katika kisa cha Bahati ningekuwa nasubiri kidole chake: kikinyoshwa shingoni kabla ya jozi ya tisa, picha na maneno vimegawana kazi sawasawa. Asiponyosha kabisa, huenda tundu limefichwa na kidevu kwenye mchoro, au maneno yanamshughulisha asipate nafasi ya kutazama. Na akinyosha kurasa za mwanzo kabisa na kuanza kuchoka wakati wa kutafuta, punguza majaribio matatu yawe mawili, uipe nafasi hiyo ile picha ya Bahati aliyejikunja.

La mwisho ni muswada unaoupeleka kwa mchapishaji. Waandishi wapya hujaza maelekezo kwa mchoraji: nywele za mtoto, rangi ya mapazia, paka dirishani. Yafute yote. Acha maelezo pale tu ambapo maneno peke yake yangempotosha anayesoma, na hapa ni mahali pawili. Kwenye kurasa za 6 na 7: *(Picha: kifungo cha kwanza kimeingia tundu la pili. Tundu la juu linabaki wazi, na linaonekana katika kila picha hadi kurasa za 20 na 21.)* Na kwenye 24 na 25: *(Picha: kifungo cha chini kimefungwa kwenye tundu la juu. Bahati amejikunja.)* Mengine ni ya mchoraji, na mara nyingi atakuletea kitu ambacho wewe na mwanao hamkukiona asubuhi ile.